Vigezo A na B: Kutoka Kipimo cha Traiaksia Hadi Presha ya Maji Chini ya Tangi

Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji ukibebeshwa mzigo kwa haraka, maji hayapati nafasi ya kutoka. Vinyweleo vyake ni vidogo mno, na mzigo unaoongezwa kwa siku chache unakuta maji yaleyale yamefungiwa ndani. Sehemu ya mzigo huo inabebwa na maji, na presha yake inapanda. Kadiri inavyopanda, ndivyo punje za udongo zinavyoshikana kwa nguvu ndogo kuliko mzigo ungeruhusu, na hapo ndipo matuta yanapoporomoka na matangi yanapoinama.

Mwongozo huu unafuata njia moja tangu mwanzo: kupima vigezo viwili kwenye sampuli ndani ya chemba ya traiaksia, chombo kinachoibana sampuli kwa maji pande zote huku pistoni ikiisukuma kwa wima, kisha kuvitumia kukadiria presha ya maji itapanda kiasi gani chini ya tangi la duara linalojazwa maji ya majaribio. Nimechagua tangi kwa makusudi. Katikati ya mzigo wa duara, mikazo ya pembeni ni sawa kila upande, kama ilivyo ndani ya chemba, hivyo kipimo na uwanja vinazungumza lugha moja. Tuta refu la barabara lina utata wake, nitaligusa baadaye.

Mlinganyo

Alec Skempton wa Imperial College, London, aliutoa mwaka 1954:

```
Δu = B [ Δσ3 + A (Δσ1 − Δσ3) ]
```

Δu ni ongezeko la presha ya maji. Δσ1 ni ongezeko la mkazo mkubwa, ambao chini ya katikati ya tangi ni ule wa wima. Δσ3 ni ongezeko la mkazo mdogo, yaani wa pembeni. Mabadiliko haya yote ni ya mkazo wa jumla, kabla ya kutoa presha ya maji.

Mlinganyo unagawa mzigo mara mbili. Sehemu ya kwanza ni kubanwa sawasawa pande zote, na B inasema ni kiasi gani cha mbano huo kinaingia kwenye maji. Sehemu ya pili ni kule kubanwa zaidi upande mmoja, kunakotaka kuukata udongo, na hapo A ndiyo inayosema. Udongo ungekuwa kitu chenye kunyumbuka kikamilifu kama chuma, A ingekuwa theluthi moja na tusingehitaji maabara. Lakini udongo laini unaokatwa hutaka kusinyaa, punje zake zikiangukiana. Maji yamefungwa, kusinyaa hakuwezekani, basi presha inapanda na A inavuka theluthi. Udongo uliowahi kubebeshwa mzigo mzito sana zamani hufanya kinyume: ukikatwa hutaka kutanuka, presha inashuka, na A inaweza kuwa chini ya sifuri.

Ndiyo maana vitabu vinatoa safu pana hivi. Udongo ambao haujawahi kubeba zaidi ya mzigo wake wa leo hupata A ya 0.5 hadi 1 wakati wa kushindwa. Ule dhaifu unaovunjika muundo ukiguswa huvuka 1. Uliowahi kubanwa sana huweza kushuka hadi −0.5. Watu wengi huishia hapa: wanachukua namba moja kwenye safu na kuipeleka kwenye hesabu. Hilo ndilo kosa ambalo sehemu kubwa ya mwongozo huu inalipinga. A si sifa ya udongo kama ulivyo uzito wa punje zake. Inabadilika ndani ya sampuli moja, kutoka mwanzo wa kipimo hadi mwisho, na inabadilika kulingana na hali uliyouweka udongo kabla ya kuubebesha.

Hatua ya kwanza: kujaza sampuli na kupima B

Sampuli ya kawaida ina kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 100, ingawa za 38 na za 100 pia zipo. Inakaa kati ya mawe mawili yenye vinyweleo, imezungushiwa vipande vya karatasi ya chujio ubavuni ili maji yatoke haraka, imevikwa mpira mwembamba na kufungwa kwa pete za mpira juu na chini. Mawe yachemshwe kwanza na kuwekwa yakiwa bado yamejaa maji. Mabomba ya kuelekea kwenye kihisi cha presha yasafishwe kwa maji yaliyotolewa hewa mpaka usione kiputo.

Hata udongo uliochimbwa chini ya kina cha maji hufika maabara ukiwa na hewa kidogo. Presha iliyokuwa ikiyabana maji kule chini imeondoka, na gesi iliyokuwa imeyeyuka imetoka. Dawa yake ni presha ya nyuma: unapandisha presha ya maji ndani ya sampuli na presha ya chemba kwa pamoja, hatua kwa hatua, ukiiacha ya chemba iwe juu kidogo tu, mpaka viputo viyeyuke. Kwa kawaida presha ya nyuma ya kilopaskali 200 hadi 400 inatosha.

Kisha unapima B. Funga valvu ya kutolea maji. Pandisha presha ya chemba kwa kiasi unachokijua, subiri presha ya maji itulie, soma. Tuseme chemba ilitoka 300 ikafika 350, na presha ya maji ikatoka 290 ikafika 338.5:

```
B = (338.5 − 290) / (350 − 300) = 48.5 / 50 = 0.97
```

Maabara nyingi zinapita baada ya kuona 0.95. Mimi nadhani kikomo hicho kinawadanganya watu pande zote mbili, na sababu iko kwenye mlinganyo wa B wenyewe:

```
B = 1 / (1 + n · Cw / Cs)
```

Hapa n ni sehemu ya ujazo iliyo vinyweleo, Cw ni wepesi wa kimiminika kilichomo kubanika, na Cs ni wepesi wa mifupa ya udongo kubanika. Maji peke yake hubanika kidogo mno, karibu 0.00045 kwa kila megapaskali. Mifupa ya udongo laini sana inaweza kubanika kwa 1 kwa megapaskali. Weka namba hizo na n ya 0.5, B inatoka 0.9998. Sasa weka hewa asilimia 1 tu ya vinyweleo. Tukihesabu presha halisi ya kilopaskali 100, yaani ya hewa ya kawaida, kimiminika kinabanika karibu 0.1, na B inashuka hadi 0.95 tu. Maana yake ni kwamba udongo laini sana unaweza kukupa 0.95 huku bado una hewa ya kutosha kuchelewesha usomaji wako baadaye. Kwa udongo mgumu mambo yanageuka. Mifupa yenye wepesi wa 0.05, ikiwa na hewa asilimia 1 ileile chini ya presha halisi ya 400, inatoa B ya 0.8. Hapo kipimo kinagundua hewa kwa ukali, lakini udongo ulio mgumu zaidi bado hautafika 0.95 hata ukijaa kabisa.

Kwa hiyo usiangalie namba peke yake. Kwa udongo laini dai 0.98 au zaidi. Kwa udongo wowote, pima B mara mbili au tatu mfululizo, kila mara presha ya nyuma ikiwa juu zaidi. Ikiwa B imeacha kupanda, sampuli imejaa. Ikiwa bado inapanda, hewa ipo. Na tazama pia jinsi presha inavyofika pale ilipofika. Ikiruka mara moja na kutulia, vyema. Ikipanda polepole kwa dakika nyingi, kuna hewa kwenye bomba au jiwe limeziba. Ikiendelea kupanda bila kutulia mpaka ikaribie presha ya chemba, mpira umetoboka au pete imelegea, na maji ya chemba yanaingia ndani. Hapo hakuna cha kuokoa, fungua uanze upya.

Hatua ya pili: kuirudisha sampuli kwenye hali ya uwanjani

Hapa ndipo A nzuri inapopatikana au kupotea. Njia rahisi ni kubana sampuli sawasawa pande zote kwa mkazo mkubwa, tuseme kilopaskali 200, kuachia maji yatoke, kisha kukata. Utapata mchoro mzuri, na A ya karibu 0.9 kwenye kilele. Lakini umefuta kumbukumbu ya udongo. Kama kule chini ulikuwa umewahi kubeba mara mbili ya mzigo wa leo, mkazo wa 200 umeuvusha kikomo hicho na kuufanya udongo mwingine kabisa.

Ukitaka A ya kutabiria, rudisha mikazo ya uwanjani. Mfano tutakaoutumia ni huu, na namba zake ni za kielelezo: juu kuna mchanga wa mita 2 uliomwagwa miaka mingi iliyopita, uzito wake kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, na usawa wa maji ya ardhini uko pale mchanga huo unapoishia. Kisha udongo wa mfinyanzi wa kilonyutoni 17 kwa mita ya ujazo unaendelea chini. Kwenye kina cha mita 7, yaani mita 5 ndani ya mfinyanzi, mkazo fanisi wa wima, yaani wa jumla ukitoa presha ya maji, ni 36 kutoka kwenye mchanga, na 5 × (17 − 9.81) kutoka kwenye mfinyanzi, jumla 72. Presha ya maji pale ni 49. Kipimo cha kukandamiza kwenye pete kilionyesha udongo umewahi kubeba karibu 144, mara mbili. Mkazo fanisi wa pembeni tunaukadiria kuwa 0.7 ya ule wa wima, tuseme 50.

Basi sampuli ikazwe hadi 72 wima na 50 pembeni, ukipandisha presha ya chemba na mzigo wa pistoni taratibu pamoja huku valvu iko wazi. Pima maji yaliyotoka. Kipimo hiki kidogo kinakwambia kama mchimbaji alikuletea sampuli au uji. Kwa udongo wa aina hii, uwiano wa vinyweleo ukipungua kwa chini ya asilimia 4 wakati wa kurudisha mikazo, sampuli ni nzuri sana. Ukivuka asilimia 7, imevurugwa, na A utakayoipata imepotoka.

Hatua ya tatu: kukata kwa mwendo wa kinyonga

Funga valvu, anza kuisukuma pistoni kwa mwendo usiobadilika huku presha ya chemba imetulia. Presha ya maji unaisoma chini ya sampuli, lakini sampuli inakatika zaidi katikati. Ukienda mbio, presha ya katikati haijafika chini wakati unasoma, na A yako inakuwa ya uongo.

Mwendo unatoka kwenye ukazaji uliotangulia, yaani ile hatua ya kubana sampuli huku maji yakitoka. Chora ujazo wa maji yaliyotoka dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, utafute muda t100 ambao ukazaji ulikamilika. Pale penye karatasi za chujio ubavuni, muda wa kufika kileleni usiwe chini ya 1.8 × t100. Tuseme t100 ilikuwa dakika 400. Basi kilele kisifike kabla ya dakika 720. Ukitarajia kilele kwenye ufupisho wa asilimia 3, yaani milimita 3 kwa sampuli ya milimita 100, mwendo ni 3 / 720, karibu milimita 0.004 kwa dakika. Ni usiku kucha, na usiku ndio wenye matatizo: kiyoyozi kikizima, joto linapanda na presha ya maji inacheza kwa kilopaskali mbili tatu. Umeme ukikatika na kompresa ikasimama, presha ya chemba inashuka bila mtu kuona. Acha mashine irekodi presha ya chemba pia, si ya maji peke yake. Mawimbi yanayoonekana kwenye vyote viwili kwa saa ileile si ya udongo.

Ukiwa na shaka na mwendo, simamisha mota kwa nusu saa katikati ya kipimo. Mzigo utapungua kidogo, hilo ni la kawaida. Presha ya maji ikiendelea kupanda wazi baada ya kusimama, ulikuwa unakwenda mbio.

Hatua ya nne: kusoma A yote, si ya kileleni tu

Presha ya chemba haikubadilika, kwa hiyo Δσ3 ni sifuri na mlinganyo unabaki mfupi: A ni Δu ukigawa kwa ongezeko la tofauti ya mikazo, kisha ukigawa tena kwa B. B ikiwa 0.98 au zaidi, tofauti ni ndogo kuliko makosa ya kusoma. Sampuli yetu ilianza na tofauti ya mikazo ya 22 tayari (72 kutoa 50), kwa hiyo tunahesabu nyongeza tu juu ya hapo:

| Nyongeza ya tofauti ya mikazo (kPa) | Δu (kPa) | A |
|---|---|---|
| 10 | 3.5 | 0.35 |
| 20 | 8 | 0.40 |
| 28 | 13 | 0.46 |
| 32 | 16 | 0.50 |
| 34 (kilele) | 18.5 | 0.54 |
| 32 (baada ya kilele) | 20 | 0.63 |

Kabla ya kuziamini, zihakiki. Kwenye kilele mkazo fanisi wa pembeni ni 50 − 18.5, yaani 31.5, na wa wima ni 72 + 34 − 18.5, yaani 87.5. Tofauti 56 gawa kwa jumla 119 ni 0.47, pembe ya msuguano ya digrii 28 hivi. Ni ya kuaminika kwa udongo wa aina hii. Ingetoka 40, ningeshuku kihisi.

Sasa tazama safu ya mwisho. Mwanzoni udongo unajibu karibu kama kitu chenye kunyumbuka, 0.35 dhidi ya theluthi. Unapokaribia kilele A inapanda, na baada ya kilele inazidi kupanda ingawa mzigo unashuka, kwa sababu muundo unavunjika na maji yanabebeshwa kilichokuwa kikibebwa na punje. Ripoti inayotoa 0.54 peke yake imetupa karibu kila kitu unachohitaji kutabiri. Ukiagiza kipimo, dai jedwali lote au mchoro wa A dhidi ya mkazo.

Hatua ya tano: mzigo wa uwanjani

Tangi letu lina nusu kipenyo cha mita 12, limekaa juu ya ardhi, na kwa majaribio litajazwa maji mita 5.1, ambayo ni kilopaskali 50. Uzito wa tangi lenyewe tupu tunauacha. Tunatafuta mikazo iliyoongezeka kwenye kina cha mita 7 chini ya katikati. Kwa mzigo wa duara juu ya ardhi yenye kunyumbuka isiyobadilisha ujazo, fomula ni hizi, ambapo q ni mzigo, z ni kina na R ni nusu kipenyo:

```
c   = z / √(R² + z²)
Δσ1 = q (1 − c³)
Δσ3 = (q / 2) (2 − 3c + c³)
```

Kwa z ya 7 na R ya 12, c ni 0.504 na c³ ni 0.128. Δσ1 ni 0.872 × 50, karibu 43.6. Δσ3 ni 0.308 × 50, karibu 15.4. Tofauti ni 28.2. Nenda kwenye jedwali ukiwa na 28, usome A: 0.46. Basi:

```
Δu = 15.4 + 0.46 × 28.2 = 28.4 kPa
```

Presha pale ilikuwa 49, itapanda hadi 77 hivi. Kwa lugha ya maji ni mita 2.9: bomba lililochomekwa hadi pale lingeonyesha maji yakipanda karibu mita 0.9 juu ya ardhi. Mtu aliyechukua A ya 1 kutoka kwenye safu ya kitabu angetabiri 43.6, nusu zaidi, na pengine angeagiza mabomba ya kutolea maji yasiyohitajika.

Kuna jambo ambalo hesabu ya hatua moja inalificha. Rudia hesabu kwa nusu ya mzigo, kilopaskali 25. Tofauti ni 14.1, A ni karibu 0.37, na Δu inatoka 12.9. Nusu ya pili ya mzigo basi imeleta 15.5 kwa kiasi kilekile cha maji. Endelea hadi 60: tofauti inafika 33.8, ambayo ni kilele cha sampuli, A ni 0.54, na Δu ni karibu 36.7. Kilopaskali 10 za mwisho zimeleta 8.3. Ukigawa ongezeko la presha kwa ongezeko la mzigo katika kila kipande unapata 0.52, kisha 0.62, kisha 0.83.

Mteremko huo ndio habari. Tangi kwa ujumla bado liko mbali na kuanguka: nguvu ya udongo ni nusu ya 56, yaani 28, na ardhi ya mfinyanzi inaweza kubeba mzigo wa duara wa karibu mara 6 ya nguvu hiyo. Lakini kwenye kina cha mita 7, kipande cha udongo chini ya katikati kimeshaanza kulegea. Baada ya hapo fomula za kunyumbuka zinapoteza haki yao, mikazo inahamia kwa majirani, na presha inaweza kupanda kwa kiasi sawa na mzigo au zaidi. Utabiri ufike hadi pale tofauti ya mikazo inapogusa kilele, usivuke.

Kwa tuta refu, mikazo miwili ya pembeni si sawa, na A ya chemba haiwezi kuingizwa moja kwa moja. Badala yake tumia N = 0.866 (A − 1/3) + 0.5, ukiweka N mahali pa A. Kwa A ya 0.46, N ni 0.61. Tofauti si ndogo. Na pembeni mwa tuta, au chini ya shimo linalochimbwa, udongo unasukumwa upande mwingine, kwa hiyo sampuli ya kuvutwa ndiyo inayofaa, si ya kukandamizwa.

Je, ni kweli maji hayatoki?

Utabiri wote unasimama juu ya sharti kwamba maji yamefungwa. Lijaribu kwa hesabu fupi. Tuseme kigezo cha kasi ya ukazaji ni mita za mraba 2 kwa mwaka, na kujaza tangi kutachukua siku 10. Kina ambacho athari ya kutoka kwa maji inakifikia kutoka kwenye mchanga ni takribani √(12 × 2 × 10/365), yaani mita 0.8. Kipimapresha kilicho mita 5 ndani ya mfinyanzi hakitajua kama mchanga upo. Kilicho nusu mita chini ya mchanga kitasoma chini ya utabiri, wala usishangae.

Hata hivyo uwanjani hali huwa na ujanja zaidi. Mwaka 1980 François Tavenas na Serge Leroueil wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walichambua matuta mengi juu ya udongo laini, wakaona kwamba mwanzoni presha hupanda chini ya ile inayotabiriwa kwa kufungiwa maji kabisa. Udongo ambao haujavuka mzigo wake mkubwa wa zamani ni mgumu, na ugumu huo huharakisha kutoka kwa maji: kasi ya ukazaji kwenye hatua hii ni kubwa kuliko ile ya maabara iliyopimwa baada ya kuvuka kikomo. Ukivuka, ulaini unaanza na presha hufuata mzigo karibu moja kwa moja. Kwa hiyo tumia kigezo cha kasi kilichopimwa kwenye mikazo ya uwanjani, na utabiri wako wa hatua za kwanza uuone kama dari.

Kusoma vipimapresha wakati wa kujaza

Vipimapresha vya waya unaotetemeka ndivyo vinavyofaa, kwa kuwa vinajibu haraka. Bomba la kusimama linahitaji maji mengi yaingie ndani yake kabla ya kuonyesha mabadiliko, na kwenye mfinyanzi linaweza kuchelewa siku kadhaa. Vichomekwe wiki kadhaa kabla, kwa sababu kule kuchomeka kwenyewe kunapandisha presha, na usomaji wa mwanzo usiotulia utaharibu kila Δu inayofuata. Angalau viwili chini ya katikati kwa vina tofauti, na kimoja nje kabisa ya tangi cha kuonyesha maji ya ardhini yanafanya nini yenyewe wakati wa mvua.

Kabla ya kufungua bomba la kujaza, chora utabiri wako: mzigo kwenye mstari wa chini, Δu kwenye mstari wa wima, pamoja na ile miteremko ya 0.52, 0.62 na 0.83. Jaza kwa hatua za mita moja na usome baada ya kila hatua. Nukta zikilala chini ya mstari na sambamba nao, maji yanatoka kidogo au A halisi ni ndogo, endelea. Zikiwa juu ya mstari lakini sambamba, huenda usomaji wa mwanzo haukuwa umetulia. Zikianza kupinda juu mapema, tuseme mteremko umefika 0.8 wakati mzigo bado ni 40, simamisha kujaza, hata kama thamani yenyewe ya Δu iko chini ya kikomo ulichoweka. Udongo umeanza kulegea kabla ya jedwali lako kusema hivyo, labda kwa sababu mkazo wa pembeni wa 50 tulioukadiria ulikuwa mkubwa mno, na nafasi iliyobaki kabla ya kilele ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Baada ya kusimamisha, acha maji tangini na uendelee kusoma. Presha ikishuka taratibu, ardhi inakazana na unaweza kuendelea siku nyingine kwa hatua ndogo zaidi. Ikiendelea kupanda huku mzigo haujaongezwa, udongo bado unasogea: fungua valvu ya chini na anza kupunguza maji.